Gauni moja, rangi nne: namna ya kumwandikia mteja barua yenye picha yake mwenyewe

Mama mmoja alitoka Kolwezi kuja kupimwa gauni la harusi ya binti yake. Umbo halikutusumbua: refu hadi kwenye vifundo vya miguu, limebana kiunoni, linafunguka kuanzia magotini, mikono inaishia kwenye viwiko. Rangi ndiyo ilitushinda. Binti alitaka bordo, ile ambayo wengine huita damu ya mzee. Mashangazi walisema kijani cha chupa. Baba alipendekeza buluu iliyokoza, na mama mwenyewe alikuwa na rangi ya shampeni moyoni ila hakutaka kugombana na mtu. Kesho yake alikuwa anarudi kwake, kilomita zipatazo 300 kutoka hapa Lubumbashi, na mimi siwezi kukata satini kwa kubahatisha.

Nikampiga picha akiwa na gauni la majaribio, nikalipaka rangi zote nne kwenye kompyuta, nikamwandikia barua. Kazi hiyo yote ni ya saa mbili au tatu kwa anayeanza. Naeleza jinsi ninavyoifanya, pamoja na mahali nilipokosea hapo awali.

Anza na marekani

Watu wengi huchukua picha yoyote ya mteja, wakaitoa nguo aliyovaa na kumbandika gauni la mtandaoni. Picha hupendeza, lakini kiuno ni cha mwanamke mwingine. Mteja akilivaa gauni lenyewe anaona amedanganywa, na kweli amedanganywa.

Mimi hushona kwanza gauni la majaribio kwa marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kwa gauni la bei hulishona hata hivyo ili kurekebisha vipimo, kwa hiyo picha hainiongezei gharama. Weupe wake ndio faida: mikunjo yote inaonekana kama vivuli vya kijivu, na juu ya vivuli hivyo unaweza kuweka rangi yoyote. Gauni la majaribio la kikwembe chenye maua halifai, kwa sababu maua yatajitokeza chini ya kila rangi utakayoweka.

Marekani ina kasoro moja. Ni ngumu kuliko satini, kwa hiyo pale chini ya magoti itasimama mahali ambapo satini ingeanguka. Nikilifua gauni hilo mara moja bila kulinyoosha sana, linalegea kidogo. Kasoro inayobaki nitaiandika kwenye barua.

Picha: kivulini, mbali na udongo mwekundu

Hapa kwetu jua la saa sita linachoma picha: sehemu ya begani inakuwa nyeupe kabisa, hakuna uzi unaoonekana. Mahali ambapo picha imekuwa nyeupe tupu hakuna kivuli cha kupaka rangi juu yake, na ukiweka bordo pale utapata kiraka kisicho na uhai. Msimamishe mteja kwenye kivuli cha wazi, kwa mfano chini ya baraza, uso ukielekea nje.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uani. Udongo wa Lubumbashi ni mwekundu, na mwanga ukiupiga unarudi juu ukiwa na wekundu. Pindo la gauni likawa na rangi ya tofali huku kifua kikiwa cheupe. Sikuliona hilo kwa macho, kamera ndiyo iliyoliona. Siku hizi hutandika shuka jeupe kuukuu chini, mita mbili mbele ya mteja, au nampiga kwenye sakafu ya saruji.

Simu iwe kwenye usawa wa kiuno chake, si usawa wa uso wako. Ukipiga ukiwa juu, miguu inafupika na mfunguko wa gauni unaonekana mdogo. Rudi nyuma hatua nne au tano kisha ukuze kidogo, maana kamera ya simu ikiwa karibu mno hunenepesha kilicho katikati. Mikono iachane na mwili kidogo ili upate mstari wa kiuno.

Kisha, kabla hajaondoka pale aliposimama, chukua vipande vya vitambaa vinne, kila kimoja cha ukubwa wa kiganja, uvipange juu ya kiti kando yake pamoja na karatasi nyeupe ya kawaida. Piga picha ya pili. Vipande viwe vimelazwa bapa na karatasi iwe kwenye mwanga uleule. Gusa skrini na ushikilie kidole juu ya karatasi mpaka simu ifunge mwanga, kwa sababu simu ikiona kitambaa chekundu kimejaa kwenye picha hujaribu kukirekebisha, na bordo yako itageuka kahawia.

Kabla ya yote haya, muulize. "Mama, naomba nikupige picha, nitaibadilisha rangi ya gauni tu, nitakutumia wewe peke yako." Mteja akikataa, unamchorea kwa penseli kama zamani.

Kulitenga gauni

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu haina malipo na inafanya kazi umeme ukirudi bila kudai intaneti. Menyu zangu ni za Kiingereza. Aliye na Kifaransa atazikuta mahali palepale.

Fungua picha, kisha uzungushe mstari kulifuata gauni kwa `Free Select` (herufi F). Usikimbilie zana ya kuchagua kwa rangi. Marekani na ukuta mweupe vinafanana, na kiganja cha mkono kilichopata mwanga kinaweza kuchaguliwa nacho. Kuza picha mpaka uone vijumba vidogo vya rangi na ubofye hatua kwa hatua. Shingoni, kwenye mkufu, na pale nywele zinapogusa bega ndipo pa kukaa muda mrefu. Mahali pengine pote unaweza kwenda haraka.

Mstari ukishajifunga, nenda `Select > Feather`, andika 2. Ukingo unalainika na gauni haliwi kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Kisha `Select > Save to Channel`. Hatua hii ndiyo inayokuokoa: umechora mara moja, utatumia mara nne. Nilipokuwa sijui, nilikuwa nachora upya kwa kila rangi, na kila gauni lilitoka na kiuno chake.

Sasa bofya tabaka la picha, ulinakili kwa `Layer > Duplicate Layer`, uliite "marekani". Bofya `Layer > Mask > Add Layer Mask`, uchague `Selection`. Bofya kijipicha cha tabaka lenyewe, si cha barakoa yake, yaani kile kifuniko kinachoficha kila kilicho nje ya mstari, kisha `Colors > Desaturate > Desaturate`. Gauni linabaki la kijivu tupu, bila unjano wa pamba wala wekundu wa udongo uliobaki.

Hatua ya mwisho hapa ni `Colors > Levels`. Sogeza kishale cheupe kushoto polepole mpaka sehemu bapa iliyo na mwanga, tuseme tumboni, isome karibu 235 ukiigusa kwa `Color Picker` huku umeshikilia Shift. Ikisoma 190, rangi zote zitatoka zimekoza kuliko kitambaa. Ikisoma 255, umepoteza mikunjo.

Kupata rangi ya kweli ya kitambaa

Usichague bordo kwa kuikisia kwenye gurudumu la rangi. Bordo ya gurudumu haiuzwi soko la Kenya hapa Lubumbashi. Rangi itoke kwenye kipande ulichokipiga picha, na karatasi nyeupe ndiyo inayokuambia mwanga wa siku ile ulikuwaje.

Fungua picha ya vipande. Kwenye `Color Picker` weka alama kwenye `Sample average` na nusu-kipenyo cha 10 hivi, ili isisome uzi mmoja bali eneo. Gusa karatasi, kisha gusa kitambaa mahali pasipong'aa. Siku ile karatasi ilisoma 225, 222, 214, yaani mwanga ulikuwa na unjano kidogo. Bordo ilisoma 110, 22, 40. Unagawanya kila namba ya kitambaa kwa namba ya karatasi, kisha unazidisha kwa 255:

```
110 / 225 x 255 = 125
 22 / 222 x 255 =  25
 40 / 214 x 255 =  48
```

Rangi ya kutumia ni 125, 25, 48, ambayo kwenye kisanduku cha rangi huandikwa `7d1930`. Rudi kwenye picha ya mama, tengeneza tabaka jipya juu ya "marekani", lijaze rangi hiyo, kisha urudishe mstari wako kutoka kwenye chaneli kwa `Channel to Selection` na uongeze barakoa kama mwanzo. Badilisha `Mode` ya tabaka iwe `Multiply`. Papo hapo gauni linakuwa la bordo, na kila mkunjo upo.

Kinachotokea ni hesabu nyepesi: kompyuta inazidisha rangi kwa mwanga wa marekani. Tumboni, penye 235, wekundu wa 125 unakuwa 115. Ndani ya mkunjo, penye 120, unakuwa 59. Ndiyo maana nilisisitiza kishale cha `Levels`.

Rudia kwa kijani, buluu na shampeni, kila moja kwenye tabaka lake. Ukitaka kuona moja, zima macho ya nyingine.

Pale buluu inapogoma

Bordo na kijani havikunipa taabu. Buluu iliyokoza ilitoka kama shimo jeusi lenye umbo la mwanamke. Kipande changu kilisoma 20, 28, 60 baada ya hesabu, na ndani ya mikunjo kikashuka hadi 9, 13, 28, ambayo kwenye simu ni nyeusi tu. Satini halisi ya buluu haiwi hivyo, kwa kuwa inang'aa: mahali mkunjo unapopinda kuelekea kwenye mwanga kuna mstari mweupe-kijivu.

Mstari huo lazima uurudishe. Nakili tabaka la "marekani", lipeleke juu kabisa, fungua `Levels` na usogeze kishale cheusi hadi 150 hivi ili vivuli vyote vife na ibaki migongo ya mikunjo peke yake. Weka `Mode` kuwa `Screen` na `Opacity` asilimia 12. Kwa satini inayong'aa sana nafika 20. Kwa krepi, isiyong'aa, natumia 5 au siweki kabisa. Shikilia kitambaa chenyewe mkononi, kikunje mbele ya dirisha, ulinganishe na skrini. Hapo macho ya fundi ndiyo yanayoamua.

Shampeni ina shida ya upande wa pili. Inatoka nzuri mno. Kwenye picha haionyeshi kwamba satini nyepesi ya rangi hiyo huacha nguo ya ndani ionekane na kwamba poda ya shingoni itaonekana. Picha imetengenezwa juu ya marekani nzito isiyoonyesha kitu, kwa hiyo haiwezi kukuonya. Barua ndiyo itakayoonya.

Jambo jingine nimelijifunza kwa kuziweka picha nne pamoja: umbo halibaki lilelile. Mishono miwili inayoshuka toka kifuani hadi magotini, ambayo ndiyo fahari ya gauni hili, inaonekana wazi kwenye shampeni, inaonekana kiasi kwenye bordo, na kwenye buluu imepotea. Mteja anayelipia mishono hiyo anastahili kuambiwa.

Usiguse kitu kingine. Ngozi usiing'arishe, tumbo usilipunguze. Ukimpunguza sentimita nne kwenye picha, utazitoa wapi siku ya kulivaa?

Barua yenyewe

Weka picha zote nne kwenye ukurasa mmoja, ukubwa mmoja, kwa mpangilio wa A, B, C, D, na mandhari ileile. Usizipambe kwa majina ya kuuza kama "bordo ya malkia". Herufi inatosha, na herufi hiyohiyo iandikwe kwenye kipande cha kitambaa. Hii ndiyo niliyomtumia:

> Mama,
>
> Salamu kutoka Lubumbashi. Natumaini safari ilikuwa njema na umekuta wote wazima.
>
> Hapa chini ni picha yako uliyopigwa siku ya kupima, ikiwa na gauni lako katika rangi nne: A bordo, B kijani cha chupa, C buluu iliyokoza, D shampeni. Gauni ni moja na mwili ni wako. Nimebadilisha rangi tu. Ulichovaa kwenye picha ni kitambaa cha majaribio, kigumu kuliko satini, kwa hiyo pale chini ya magoti gauni lako litaanguka kwa ulaini zaidi kuliko unavyoona.
>
> Rangi ya simu haiaminiki. Nimempa dereva wa basi bahasha yenye vipande vinne vya vitambaa vyenye herufi hizohizo. Tafadhali usichague kabla ya kuvishika. Viangalie mchana karibu na dirisha, kisha usiku chini ya taa, kwa sababu sherehe ni ya usiku. Kipande na picha vikitofautiana, fuata kipande.
>
> Kwa A hakuna la kuongeza. Itahitaji mita 3 na nusu.
>
> B inang'aa kwa upande mmoja, hivyo vipande vyote lazima vikatwe kuelekea upande mmoja. Itahitaji mita 4.
>
> C itaficha mishono ya mbele uliyoipenda. Ukiitaka rangi hii na mishono ionekane, naweza kuipitishia uzi wa mapambo, kazi ya siku moja zaidi.
>
> D ni nyepesi. Nitaweka bitana mwili mzima, mita 3 za ziada, na gauni litakuwa na joto kidogo.
>
> Bei ya ushonaji ni ileile kwa A, B na D. Kitambaa na bitana unalipa kwa mita, kama tulivyoelewana.
>
> Naomba jibu kwa herufi moja kabla ya Ijumaa, maana nikishakata siwezi kurudi nyuma. Ukitaka kuona rangi ya tano, nitakutengenezea moja.
>
> Picha hizi ziko kwangu na kwako tu.
>
> Fundi wako

Sentensi ya "kipande na picha vikitofautiana, fuata kipande" iliniingia kwa maumivu. Miaka ya nyuma mteja alichagua bordo usiku kitandani, simu yake ikiwa kwenye ile hali inayoigeuza skrini kuwa ya njano. Alichokiona kilikuwa karibu na rangi ya kutu. Gauni lilipofika alisema si lake, na sikuwa na chochote kilichoandikwa cha kutusaidia sote wawili. Nilimrudishia nusu ya pesa.

Sentensi ya rangi ya tano nayo ina sababu. Ukiacha mlango wazi kabisa, familia nzima itaingia, na utapaka rangi kumi na tano bila kukata hata mkono mmoja.

Kutuma

WhatsApp hubana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na kinachoumia kwanza ni vivuli vya rangi iliyokoza: mikunjo ya buluu uliyoihangaikia inakuwa vibonge. Toa ukurasa kwa `File > Export As` ukiwa PNG, au uugeuze kuwa PDF pamoja na maandishi, kisha uutume kama hati. Halafu ujitumie mwenyewe kwanza na uufungue kwenye simu ya bei ndogo, si kwenye kompyuta yako tu. Ikiwa C na nyeusi havitofautiani pale, rudi kwenye tabaka la `Screen` uongeze asilimia tatu au nne.

Bahasha nayo ina namna yake. Vipande viwe vya sentimita 8 kwa 8 angalau, maana kipande kidogo kinaonekana kimekoza au kimefifia kutegemea kilicho kando yake. Vibane kwenye karatasi nyeupe kwa upande mmoja tu ili vikunjike mkononi, na andika herufi kwenye karatasi na nyuma ya kitambaa, kwa sababu vitabanduliwa na kupitishwa mkono kwa mkono.

Mama alijibu Alhamisi: "B, lakini si ile inayong'aa." Alishika kipande cha satini chini ya taa ya sebuleni, akaona kinameta kuliko alivyotaka. Nikatoa tabaka la `Screen`, nikampelekea B ya krepi pamoja na kipande kipya, na hiyo ndiyo ikawa rangi yake ya tano. Krepi haina upande wa mng'ao, kwa hiyo ikarudi mita 3 na nusu.

Faili la kazi, lile la `.xcf` lenye matabaka yote, nalitunza mpaka siku mteja anapolichukua gauni. Pindo likileta ubishi, tunalifungua pamoja. Akishalivaa na kuridhika, nafuta faili na picha zote za mteja, na ile ya vipande vya kitambaa pekee ndiyo inayobaki kwenye simu, nikiwa nimeandika namba za rangi chini yake kwa ajili ya mteja mwingine atakayetaka kitambaa hichohicho.